Uzi: Karatasi moja ya bei za jumla ya kuwaachia wenye maduka, ikae vipi?

StooMsamvu

Wakuu habari za jioni. Nina stoo ya jumla hapa Morogoro, upande wa Msamvu. Nauza bidhaa za duka la mtaani: sabuni ya unga, biskuti, tambi, chumvi, viberiti na vingine vya aina hiyo. Wateja wangu wengi ni maduka ya Kihonda, Mazimbu na Kilakala, na wachache wa Dakawa.

Nimeajiri kijana wa mauzo, anaanza kuzunguka madukani wiki ijayo. Nataka awe na karatasi moja ya A4, upande mmoja tu, ya kumwachia mwenye duka. Mwenye duka akiisoma ajue bei, ajue atabaki na nini, na ajue tunavyopokea oda. Rasimu niliyonayo ni hii, nimechukua bidhaa tatu tu kama mfano:

Sabuni ya unga, pakiti ndogo: katoni 17,288 + VAT, faida 17.6%
Biskuti za maziwa: katoni 8,136 + VAT, faida 25%
Tambi nusu kilo: katoni 18,644 + VAT, faida 18.2%
Oda ya kutosha inaletwa bure. Malipo kwa makubaliano. Bei zinaweza kubadilika wakati wowote.

Maswali yangu ni mawili. Oda ya chini ya kupelekewa mzigo bure niiweke kiasi gani? Na bei ya rejareja niiandike au nimwachie mwenye duka mwenyewe? Anayeijua kazi hii naomba anisaidie.

Gairo_Mpya

Mkuu mimi nipo Gairo, nahitaji viberiti na chumvi kwa wingi. Mzigo unafika huku? Weka namba ya simu.

StooMsamvu

Ndugu yangu, gari langu halifiki Gairo. Nimekutumia ujumbe pembeni, tuongee kama unaweza kupokea mzigo kwa basi.

duka_la_kona

Mimi ni mwenye duka, nipo Mbezi, kwa hiyo nakueleza kutoka upande wa pili wa kaunta. Hiyo rasimu mtu wa mauzo akiniachia, kuna mambo sitaweza kuyajua. Katoni ina pakiti ngapi? Hujaandika. Bila hiyo idadi siwezi kulinganisha na stoo ninayonunua sasa, kwa sababu kuna katoni za 48 na kuna za 40, na kwa macho zinafanana.

Pili, hiyo "+ VAT". Mimi sijasajiliwa VAT, kama maduka mengi ya mtaani. Kwangu VAT ni hela inayotoka mfukoni na hairudi. Nikisoma 17,288 halafu kijana akaniambia nilipe 20,400, nitaona nimezungukwa hata kama hesabu ni halali. Andika kile nitakachotoa mkononi.

Tatu, asilimia. Nikiwa dukani sifikirii kwa asilimia. Nafikiria hivi: natoa shilingi ngapi, pakiti naiuza ngapi, katoni ikiisha nimebaki na ngapi.

HesabuKwanza

Naungana na wa hapo juu kwenye VAT, ila asilimia usiitoe. Mtu wa mauzo anahitaji namba kubwa ya kumvutia mteja, na 25% kwenye biskuti inavutia. Halafu ongeza ofa: nunua katoni 12 upate 1 bure. Hilo ni punguzo la 8.3% tu, na wenye maduka wanapenda cha bure kuliko kushushiwa bei.

Mzee_wa_Mabibo

StooMsamvu, nimefanya usambazaji wa bidhaa za namna hiyo Dar kwa muda mrefu kabla sijastaafu, kwa hiyo ruhusu niongee kwa kirefu. Nianze na bei ya rejareja, maana ndiyo inayobeba mengine yote.

Bidhaa ndogo za dukani hazina bei yoyote ile. Zina bei ya sarafu. Pakiti ya biskuti inauzwa 200 kwa sababu mtoto anakuja na sarafu ya 200. Mwenye duka hawezi kuiuza 210, chenji hiyo haipo. Akipandisha anaenda 250, na hapo mtoto anahamia biskuti ya kampuni nyingine iliyobaki 200. Kwa hiyo bei ya mwisho imeshapangwa na mtaa. Wewe na mwenye duka mnagawana kilichopo katikati.

Chukua biskuti zako. Nadhani katoni ina pakiti 60, utanisahihisha. Bei yako pamoja na VAT ni 9,600, yaani pakiti inamfikia kwa 160. Akiuza zote kwa 200 anakusanya 12,000, anabaki na 2,400. Sasa kiwanda kikikuongezea bei na wewe ukapandisha katoni hadi 10,200, mwenye duka bado anauza 200. Anabaki na 1,800. Umepandisha kwa shilingi 10 tu kwa pakiti, lakini umechukua robo ya faida yake. Wewe utaona umepandisha kidogo, yeye ataona umemkata. Ndiyo sababu utakuta bidhaa imesimama ghafla kwenye mtaa mzima bila mtu yeyote kulalamika kwako. Wameacha tu kuagiza.

Kwa hiyo jibu langu kwenye swali lako la pili ni ndiyo, andika bei ya rejareja, na uandike ile inayouzika kweli mtaani. Usiandike unayotamani wewe. Nimeona karatasi za watu zinamwahidi mwenye duka faida kubwa kwa kuandika kwamba atauza 250 kitu ambacho duka la pili kinauzwa 200. Mwenye duka akisoma mstari huo mmoja, na mistari mingine yote haiamini tena. Kabla ya kuchapisha, mtume kijana anunue bidhaa hizo kwenye maduka kadhaa ya Kihonda na Mazimbu kama mteja wa kawaida. Bei itakayojirudia ndiyo uiandike.

HesabuKwanza

Mzee hiyo ya sarafu nimeikubali. Lakini kwa nini asiandike 25%? 2,400 gawanya kwa 9,600 ni 25% kamili. Si uongo.

Mzee_wa_Mabibo

Si uongo, ila ni 25% ya pesa aliyonunulia. Ukichukua 2,400 hiyo hiyo juu ya 12,000 aliyouza, ni 20%. Mwenye duka anayeweka hesabu zake vizuri anaangalia mauzo ya siku kwenye droo, halafu anataka kujua ndani yake kuna faida kiasi gani. Akiamini ni robo, atatoa robo kwa matumizi ya nyumbani. Kwenye droo yenye 12,000 atatoa 3,000, na faida ilikuwa 2,400. Hizo 600 zimetoka kwenye mtaji, na wiki inayofuata katoni hainunuliki. Mteja wako anakufa taratibu, na namba iliyomponza iko kwenye karatasi yako.

Ndiyo maana namuunga mkono duka_la_kona: andika shilingi anazobaki nazo kwa katoni. Ukitaka asilimia pia, tumia ile ya mauzo na useme hivyo wazi, "katika kila 100 utakayouza, 20 ni yako". Halafu utumie njia hiyo hiyo kwenye mistari yote.

Na ofa yako ya 12 kupata 1: anachukua katoni 13 kwa bei ya 12, kwa hiyo punguzo ni moja ya kumi na tatu, kama 7.7%. Ila tofauti hiyo ndogo siyo inayonisumbua. StooMsamvu, wewe unabaki na kiasi gani kwa katoni?

StooMsamvu

Katoni ya biskuti ni 60 kweli, Mzee. Sabuni ni pakiti 48, inauzwa 500. Tambi ni pakiti 20, mtaani inauzwa 1,300.

Faida yangu kabla ya gharama za gari inacheza kwenye 5% ya mauzo. Bidhaa nyingine iko chini ya hapo.

Mzee_wa_Mabibo

Basi ofa ya 12 kupata 1 huiwezi, labda kiwanda kikupe hiyo katoni ya bure. Unapata 5 unatoa 7. Kila ukiuza zaidi unapoteza zaidi. Ofa za namna hiyo ziache zije na mzigo kutoka kiwandani, na zikija usizichape kwenye karatasi ya kudumu. Chapa kipande pembeni chenye tarehe ya mwisho, kwa sababu ofa ya kiwanda inaisha na karatasi inabaki dukani.

Aisha_Kongowea

Hamjambo nyote. Mimi niko Mombasa, nauza jumla upande wa Kongowea. Kwetu VAT ni 16 lakini shida ni ile ile. Kilichonisumbua mimi si faida, ni tarehe. Niligawa karatasi za bei vizuri kabisa, kisha mafuta ya kupikia yakapanda. Wateja wakaendelea kuja na ile karatasi ya zamani mkononi, "bei yako ni hii hapa umeandika mwenyewe". Na wao wana haki, kwa sababu sikuwa nimeandika inaisha lini.

Siku hizi juu kabisa, kwa herufi kubwa, naandika "Bei hizi ni hadi tarehe fulani". Si "zinaweza kubadilika wakati wowote". Maneno hayo mwenye duka hayamsaidii kupanga kitu, ni kama umemwambia hujui. Na bidhaa ambazo bei yake haitulii, kama mafuta na sukari, siziweki kabisa kwenye karatasi. Naandika "piga simu asubuhi upate bei ya leo".

Na rangi pia: kila toleo nalichapa kwa karatasi ya rangi yake. Nikiona mteja ameshika ya kijani najua ni ya zamani kabla hajafungua mdomo.

StooMsamvu

Dada Aisha hiyo ya rangi naichukua kama ilivyo. Asante sana. Na mafuta ninayo pia, nitayatoa kwenye karatasi.

Mzee, naomba urudi kwenye oda ya chini. Nilikuwa nafikiria 50,000 ili nisiwafukuze wadogo.

Mzee_wa_Mabibo

Anza na gari. Kirikuu ikitoka siku nzima, mafuta, dereva na mbebaji, unatumia kiasi gani? Na inashusha maduka mangapi?

StooMsamvu

Kwa mjini ni kama 45,000 kwa siku. Maduka 15 siku nzuri.

Mzee_wa_Mabibo

Basi kila duka unalosimama linakugharimu 3,000, awe amenunua katoni moja au kumi. Kwa faida yako ya 5%, oda ya 60,000 inakupa 3,000. Hapo gari limekula yote, umefanya kazi ya bure. Oda ya 50,000 unamlipa mteja ili anunue. Ukiweka 150,000, faida ni 7,500, toa 3,000 ya gari, unabaki na 4,500 ya kulipia pango, mlinzi, umeme na wewe mwenyewe. Mimi ningeanzia 150,000 kwa mjini.

Kwa Dakawa piga hesabu yake peke yake. Barabara ni ndefu na maduka ni machache, kwa hiyo gharama ya kila kituo ni kubwa zaidi. Wapangie siku moja ya wiki na kiwango chao, uandike mstari wao kwenye karatasi. Na andika maeneo unayofika kwa majina. Umeona mwenyewe hapo juu mtu wa Gairo ameomba mzigo kwa sababu hakuna mahali uliposema gari linaishia wapi.

Neema_Vingunguti

Naomba kutofautiana kidogo na Mzee. 150,000 kwa duka dogo ni nyingi. Mimi duka langu oda ya siku ni 70,000 au 80,000, na nanunua kila siku mbili kwa sababu mtaji unazunguka. Mkiweka hiyo 150,000 mnawapa kazi maduka makubwa tu, sisi tunabaki kupanda bajaji kwenda stoo.

Mzee_wa_Mabibo

Neema umesema jambo la kweli na sina jibu safi. Njia niliyoiona ikifanya kazi ni maduka mawili au matatu ya jirani kuagiza kwa pamoja, gari likasimama mara moja, kila mtu na risiti yake. Nyingine ni kumwandikia mteja wazi: chini ya 150,000 tunaleta kwa 2,000. Akiona bajaji yake ni ghali kuliko hiyo, atachagua mwenyewe. Lakini wapo watakaoumia, hilo siwezi kulikataa.

duka_la_kona

Hiyo ya 2,000 ni nzuri kwa sababu naona kabisa ninachagua nini. Kwenye karatasi iwekwe hivyo hivyo.

Mimi nina wasiwasi mwingine. Karatasi yenye bei ninayonunulia na faida yangu ikibaki kwenye kaunta, mteja wa rejareja ataisoma. Kesho anakuja: "pakiti unapata kwa 160 unaniuzia 200?" Kwa mtaa wangu hilo litaleta maneno.

HesabuKwanza

Ndiyo maana wengine hawaandiki faida kabisa. Wanaandika bei ya jumla na idadi ya pakiti, mwenye duka anajua kupiga hesabu.

Mzee_wa_Mabibo

Wengine wanachapa pande mbili: mbele picha na majina ya bidhaa, nyuma bei. Lakini StooMsamvu anataka upande mmoja. Binafsi ningeiacha faida, kwa sababu ndiyo inayomfanya ajaribu bidhaa mpya, na kijana wa mauzo amkabidhi mwenye duka mkononi, asiibandike ukutani. Sisemi wasiwasi wako hauna msingi.

StooMsamvu

Wakuu nimekaa na haya yote, nimeiandika upya. Naomba mwiangalie. Juu ni jina la stoo, TIN, simu na lipa namba. Kisha:

BEI HIZI NI HADI TAREHE 30 YA MWEZI HUU. Bei zote ni pamoja na VAT. Risiti ya EFD inakuja na mzigo.

Sabuni ya unga, pakiti 48: katoni 20,400. Pakiti inakufikia kwa 425, mtaani inauzwa 500. Katoni ikiisha unabaki na 3,600.

Biskuti za maziwa, pakiti 60: katoni 9,600. Pakiti inakufikia kwa 160, mtaani inauzwa 200. Katoni ikiisha unabaki na 2,400.

Tambi nusu kilo, pakiti 20: katoni 22,000. Pakiti inakufikia kwa 1,100, mtaani inauzwa 1,300. Katoni ikiisha unabaki na 4,000.

Mafuta ya kupikia na sukari: piga simu asubuhi.

Tunafika Kihonda, Mazimbu, Kilakala na Msamvu kila siku isipokuwa Jumapili. Agiza kabla ya saa 10 jioni, mzigo unafika kesho yake. Oda ya 150,000 na zaidi tunaleta bure. Chini ya hapo tunaleta kwa 2,000. Dakawa ni Jumatano, oda ya 300,000 na zaidi.

Hesabu katoni na ukague mbele ya dereva. Iliyopasuka au kulowa irudishe hapo hapo, tutaipunguza kwenye malipo. Lipa mzigo ukishuka, taslimu au kwa lipa namba yenye jina la stoo. Usimpe mtu yeyote pesa kwa namba yake binafsi.

Aisha_Kongowea

Hapo imesomeka. Huo mstari wa namba binafsi uweke kwa wino mzito, umenigusa. Ongeza jambo moja: tarehe ya kuisha muda. Mwenye duka akipewa biskuti zilizobakiza mwezi mmoja, ile 2,400 haiioni, kwa sababu pakiti 60 hazitaisha. Mimi naandika bidhaa zangu zinafika zikiwa na miezi isiyopungua 3, na chini ya hapo anaweza kukataa kupokea. Imenilazimu kupanga stoo vizuri, mzigo wa zamani utoke kwanza.

Mzee_wa_Mabibo

Nzuri. Mahesabu yote nimeyapitia, yako sawa. Kumbuka tu kwamba hiyo "unabaki na" ni kabla hajalipa pango lake na umeme. Ongeza maneno "kabla ya gharama za duka", ni matano tu.

Hujaandika kuhusu mali kauli. Umeiacha makusudi?

StooMsamvu

Nimeiacha makusudi Mzee. Nikiandika kwenye karatasi kwamba natoa siku 7, kila mtu ataidai siku ya kwanza. Wateja wangu wa muda mrefu nawapa kwa mdomo na kwenye daftari.

Neema_Vingunguti

Lakini stoo ya jirani yako ikitoa siku 7 na wewe hutoi, mimi naenda kule hata kama bei iko juu kwa 200 kwa katoni. Kwa mtaji mdogo siku 7 ni kubwa kuliko 200.

Mzee_wa_Mabibo

Neema yuko sahihi kwa upande wake. Upande wako StooMsamvu, angalia hivi: oda ya 150,000 isipolipwa, kwa faida ya 7,500 kwa oda, unahitaji oda 20 zinazolipwa vizuri ili urudishe ile moja, na hapo bado hujalipa gari. Ukiamua kutoa, mteja awe amelipa taslimu kwanza kwa muda, kiwango kisizidi oda yake ya kawaida, na mzigo mpya usishuke kabla wa zamani haujalipwa. Kuiandika au kutoiandika kwenye karatasi, nimeona stoo nzuri zikifanya yote mawili.

HesabuKwanza

Mimi ningeiandika. "Mali kauli: kwa wateja wa miezi 3 na zaidi, uliza." Inampa mgeni sababu ya kubaki.

StooMsamvu

Nitachapa chache kwanza bila hiyo, kijana azunguke nazo Kihonda, nisikie wenye maduka wanauliza nini. Tarehe ya kuisha muda na yale maneno matano nimeshayaweka. Aisha, karatasi ya kwanza itakuwa ya njano.

Gairo_Mpya

Mkuu nimesoma uzi wote. Wa basi tumeelewana, ila nitumie na hiyo karatasi nami nione bei ya tambi.